Tarakimu Ni Neno Lililofichwa

Mshairi hahitaji kufundishwa kwamba tarakimu ni neno. Mwandikie 25 katikati ya mshororo, naye atakuuliza papo hapo: hiyo umeihesabu mizani ngapi? Machoni ni alama mbili tu. Kinywani ni ishirini na tano, mizani saba. Mwandikie "n.k." mwishoni mwa kipande, naye ataona kwamba herufi mbili zimemeza mizani tano za "na kadhalika". Kwa sababu hiyo mtunzi wa arudhi huandika hesabu zake kwa maneno. Hawezi kuipimia bahari kitu ambacho jicho linakiona na sikio halijakisikia.

Nathari haina mizani, na hapo ndipo wengi wetu tunapojiona huru. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikihariri dibaji za diwani, makala za makongamano na mihtasari ya vikao vya washairi. Nimezoea kukuta, katika kurasa mbili za mwandishi mmoja, "washairi 12", "washairi kumi na mbili" na "washairi kumi na 2". Mwandishi huyohuyo asingekubali kina kimoja kipotee katika ubeti wake. Nikimuuliza, hunijibu kwamba maana inaeleweka. Mara nyingi ni kweli. Makala haya yanahusu zile nyakati ambapo maana haieleweki, na namna ya kuziona kabla hazijafika kiwandani.

Msingi wangu ni mmoja, na yatakayofuata yote yametoka humo. Tarakimu, alama ya kipimo, kifupisho na akronimu ni maneno yaliyofichwa. Kuficha si kosa. Kosa ni kumficha msomaji neno ambalo hawezi kulifichua mwenyewe, au analoweza kulifichua kwa njia mbili.

Tuanze na tarakimu. Katika Kiswahili nambari huja baada ya nomino, na baadhi yake hufuata ngeli. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hubadilika: mtu mmoja, vitabu viwili, miti mitatu, watoto wanane. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Inapofika nambari yenye sehemu mbili, ile ya mwisho ndiyo inayofuata ngeli: washairi kumi na wawili, vitabu ishirini na vitatu. Sasa litazame tena lile kosa la "washairi kumi na mbili". Mwandishi alipoandika 12 alikuwa salama, kwa sababu tarakimu haionyeshi upatanisho na msomaji huutia mwenyewe. Alipoamua kuandika kwa maneno, alipaswa kuulipa upatanisho huo, naye hakuulipa.

Kuna sura nyingine ya jambo hili. Tarakimu 2 inaweza kusomwa "mbili", "wawili", "viwili" au "pili", na 1 inaweza kuwa "moja", "mmoja", "kwanza" au hata "mosi". Msomaji hujua ipi ni ipi kwa kutazama neno lililotangulia. "Washindi 3" ni washindi watatu, lakini "mshindi wa 3" ni mshindi wa tatu. Kinachotenganisha maana hizo mbili ni umoja wa nomino na kale kaneno kadogo "wa". Mchapaji akikaangusha, au mwandishi akiandika "wa3" kama tunavyoandikiana kwenye simu, msomaji hubaki njia panda. Kwa hiyo nambari ndogo za mpangilio huziandika kwa maneno: mshindi wa pili, ubeti wa tatu, tamasha la kwanza. Herufi chache zinazoongezeka hazimchoshi mtu.

Mpaka uwekwe wapi baina ya maneno na tarakimu? Wahariri hutofautiana. Mimi huuweka kwenye kumi, na sababu yangu imetoka katika lugha yenyewe. Kuanzia moja hadi kumi, kila nambari ni neno moja. Baada ya kumi ndipo "na" inapoingia, na neno linakuwa fungu la maneno ambalo msomaji lazima alikusanye kichwani. Basi naandika "beti tisa" na "beti 14", "watunzi wawili" na "watunzi 31". Miaka, tarehe, kurasa, fedha, asilimia na vipimo huviandika kwa tarakimu hata vikiwa vidogo, kwa sababu msomaji huvitafuta kwa jicho kabla ya kuvisoma. Na vitu vya aina moja vikikutana katika sentensi moja, vyote huvaa vazi moja. Siandiki "wanaume 15 na wanawake saba", bali "wanaume 15 na wanawake 7".

Kiswahili kimetuondolea tatizo moja linalowasumbua watu wa lugha nyingine, yaani sentensi inayoanza kwa tarakimu. Kwao nambari hutangulia nomino, hivyo hulazimika kuipindua sentensi. Kwetu nomino iko mbele: "Washairi 40 walihudhuria." Ukiona sentensi ya Kiswahili imeanza na tarakimu, yaelekea mwandishi ameacha kuitaja nomino, na hiyo ni dalili ya kurudi kuuliza: 40 nini?

Hadi hapa mtu anaweza kusema kwamba tarakimu ndizo zenye siri na maneno ndiyo yaliyo wazi. Sivyo. Kiswahili kina mahali ambapo maneno yenyewe ndiyo yanayopoteza, na mahali hapo nilipafahamu vizuri kupitia madaftari ya mzee mmoja.

Mzee huyo alikuwa mtunzi wa tenzi. Alipofariki aliacha madaftari mengi na waraka mmoja kwa watoto wake. Humo alisema kwamba ameacha beti elfu kumi na mbili, akawausia wazitunze. Watoto waliniomba niwasaidie kupanga kazi hiyo kwa ajili ya uchapishaji. Nilipofika, nyumba ilikuwa imekwisha kugawanyika. Walikuwa wamehesabu daftari kwa daftari, na hesabu ilikuwa imekomea juu kidogo tu ya beti 10,000. Kaka mkubwa aliamini kwamba karibu beti 2,000 zimechukuliwa. Dada yao, ndiye aliyekuwa akimuuguza baba na kushika ufunguo wa sanduku, alikuwa amekoma kula pamoja na nduguze.

Hebu lisome tena fungu lile: elfu kumi na mbili. Linaweza kuwa 12,000, yaani elfu zilizo kumi na mbili. Linaweza pia kuwa 10,002, yaani elfu kumi, kisha na mbili. Sababu ni kwamba "elfu" katika Kiswahili husimama kama nomino na idadi yake huifuata, kama vile "vitabu kumi na viwili". Wakati huohuo, masalio yanayobaki baada ya maelfu nayo huunganishwa kwa "na" ileile. Kiunganishi kimoja kinafanya kazi mbili. Anayesema kwa mdomo hutenganisha kwa pumzi: "elfu kumi... na mbili." Kalamu haina pumzi.

Tulirudi kwenye madaftari. Katika jalada la ndani la kila daftari mzee alikuwa ameandika jumla ya beti kwa tarakimu, akibeba hesabu ya daftari lililotangulia, kama muuza duka anavyobeba salio kutoka ukurasa hadi ukurasa. Daftari la mwisho liliandikwa 10,002. Tulihesabu upya kwa kufuata jumla zake, na kila daftari lilikubaliana naye. Hapakuwa na ubeti uliopotea. Mtu aliyehesabu kazi yake hadi ubeti wa mwisho aliitaja kwa usahihi kamili, ila kwa maneno ambayo yana tafsiri mbili.

Tangu hapo nambari za maelfu huziandika kwa tarakimu daima, na kila tarakimu tatu huzitenga kwa mkato: 10,002, 12,000, 250,000. Pale ambapo maneno hayaepukiki, ipo njia ya kuyanyoosha. Elfu ikitajwa mwisho, "kumi na mbili elfu", haiwezi kuwa kitu kingine ila 12,000. Mkato ukitiwa, "elfu kumi, na mbili", ile pumzi iliyopotea inarudi. Laki nayo ina mtego wake. "Laki tatu na hamsini" mtaani ni 350,000, kwa sababu wote wanajua kwamba "elfu" imerukwa. Katika maandishi rasmi usiiruke: andika "laki tatu na elfu hamsini". Katika fedha na wosia andika kwa namna zote mbili, tarakimu kwanza kisha maneno katika mabano, ili moja iwe shahidi wa mwenzake.

Neno moja kwa wanaohariri kazi kutoka pande mbalimbali. Mwandishi wa Kongo au Burundi aliyesoma kwa Kifaransa huenda akatumia mkato pale ambapo sisi tunatumia nukta. Kwake 2,5 ni mbili na nusu. Ukikutana na "hekta 2,500" katika makala yake, muulize kabla ya kuigusa. Sentensi peke yake haiwezi kukujibu.

Sasa vipimo. Kiswahili husema "mita mia", "kilo tano", kipimo mbele na idadi nyuma, kama nomino nyingine zote. Kanuni za kimataifa za sayansi huweka tarakimu kwanza, kisha nafasi, kisha alama: 5 km. Wahariri wengi hugombana hapa bila sababu. Katika jedwali na hesabu, mpangilio wa kimataifa unafaa. Katika aya inayosomwa kama lugha, naufuata mdomo: "kilomita 5", na urefu wa Mlima Kilimanjaro ni "mita 5,895". Msomaji anayesoma kwa sauti hapaswi kurudi nyuma kutafuta kipimo.

Alama ya kipimo haiwi na nukta, kwa kuwa si kifupisho cha kawaida. Haina wingi, na herufi zake kubwa na ndogo zina maana. Kilogramu ni kg, si Kg wala KG. Kilomita ni km hata kama ndiyo inayoanza mstari. Alama huandamana na tarakimu, na neno laweza kuandamana na tarakimu au neno: "km 5", "kilomita 5" au "kilomita tano" ukiandika kisa. "Km tano" ni mchanganyiko usiokaa. Vitabu vya hisabati vya shule ya msingi vimetumia "sm" kwa sentimita, ilhali alama ya kimataifa ni "cm". Ukiwa katika nathari, andika "sentimita" kwa ukamilifu na ugomvi utakuwa umekwisha.

Kipimo chenye hatari kuliko vyote ni saa. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, kwa hiyo saa 2:00 asubuhi ya Kiswahili ni 08:00 katika saa ya kimataifa, tofauti ya saa 6. Mwaliko wa tamasha ukiandika "saa 2:00" bila kingine, unaweza kumaanisha asubuhi, usiku, au saa ya kigeni iliyoandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyeitazama simu yake. Kanuni yangu ni kwamba neno "saa" likitangulia, tunahesabu kwa Kiswahili, na lazima sehemu ya siku itajwe: saa 2:00 asubuhi, saa 8:30 mchana. Ratiba ikitumia saa ya kimataifa, iandike kwa tarakimu nne, 08:00, na iseme hivyo juu kabisa. "Saa 14:00 mchana" ni mifumo miwili iliyogongana ndani ya maneno matatu.

Vifupisho vya kawaida vina kasoro ya kufanana. "K.m." ni kwa mfano, "km" ni kilomita. Nukta mbili ndizo zinazovitenganisha, na nukta ndicho kitu cha kwanza kupotea katika uchapaji. Kwa hiyo katika mwili wa sentensi naandika "kwa mfano", "kama vile", "na kadhalika", "ukurasa". Vifupisho navihifadhi kwa mabano, tanbihi na majedwali, mahali ambapo nafasi ni finyu. "Bw.", "Bi.", "Dkt." na "Prof." ni halali mbele ya jina la mtu, na si penginepo: "Dkt." akiachwa bila jina, awe "daktari". Na "n.k." usiiweke mwishoni mwa orodha iliyoanza kwa "kama vile", kwa sababu maneno hayo yamekwisha kusema kwamba orodha haijakamilika. Vivyo hivyo "asilimia 40%" imesema asilimia mara mbili.

Tumefika kwenye akronimu, ambazo waandishi wetu wanazipenda mno. Kanuni ya kwanza ni ya kutaja: jina kamili kwanza, akronimu katika mabano, kisha akronimu peke yake. Andika "Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA)", na kuanzia hapo "BAKITA". Lakini kabla ya kufanya hivyo hesabu. Ikiwa jina litatokea mara moja au mbili tu, usimbebeshe msomaji herufi asizozihitaji. Andika jina kamili. Mimi huanza kufikiria akronimu jina linapofika mara ya tatu. Na kila sehemu inayoweza kusomwa peke yake, kama dibaji au sura, ianze upya na jina kamili. Wasomaji wa diwani hawaanzi ukurasa wa kwanza, hufungua katikati.

Kuna akronimu zinazohitaji jina kamili kuliko nyingine, nazo ni zile ambazo herufi zake hazifanani na jina la Kiswahili. Msomaji anaweza kubahatisha BAKITA kutoka katika jina lake. Hawezi kubahatisha WHO kutoka katika Shirika la Afya Duniani. Nyingine hufanana na maneno ya kawaida: AU ya Umoja wa Afrika ni "au" ya kuchagua ikiandikwa kwa herufi ndogo, na UKUTA, yaani Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, ni ukuta wa nyumba. Herufi kubwa ndizo pekee zinazozilinda. Ukiandika kichwa cha makala kwa herufi kubwa tupu, ulinzi huo umetoweka.

Majina nayo yana wakati. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI). Kuanzia mwaka 2009 kazi za taasisi hiyo zimo katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI). Anayesema kwamba TATAKI ilitoa kamusi ya mwaka 1981 ameleta jina la leo katika tukio la jana. Tumia jina lililokuwapo wakati wa tukio, kisha ueleze mabadiliko mara moja.

Upatanisho haupotei kwa kuwa jina limefupishwa. BAKITA ni baraza. Je, tuseme "BAKITA limetoa" au "BAKITA imetoa"? CCM ni chama. "CCM kimeshinda" au "CCM imeshinda"? Magazeti huelekea kwenye "imetoa" na "imeshinda", na si vigumu kuona sababu: herufi zimegeuka jina geni, na majina mageni huingia ngeli hiyo kwa urahisi. Mimi hufuata nomino iliyofichwa, kwa kuwa muda mfupi kabla nimeiandika kwa ukamilifu na msomaji bado anaisikia. Anayechagua njia ya magazeti simlaumu. Ninayemrudishia kazi ni yule anayeandika "limetoa" katika aya moja na "imetoa" katika inayofuata, maana msomaji makini atadhani kwamba vitendo hivyo viwili vimefanywa na vyombo viwili.

Hatari ya mwisho ni kusahau kilichomo ndani ya herufi. VVU ni virusi vya ukimwi. Kwa hiyo "virusi vya VVU" ni virusi vya virusi vya ukimwi. TEHAMA ni teknolojia ya habari na mawasiliano. "Teknolojia ya TEHAMA" imerudia neno. AZAKI ni asasi za kiraia, na ile "za" ni ya wingi. "AZAKI moja" ni sawa na kusema "asasi nyingi moja". Njia ya kulitambua kosa hili ni kuifumbua akronimu kwa sauti ndani ya sentensi yake. Sentensi ikichekesha, imekosewa. Zile zilizokwisha kuwa maneno, kama ukimwi, ziandikwe kwa herufi ndogo na zisifumbuliwe tena. Hakuna msomaji anayezihesabu herufi zake.

Tuyaone yote haya yakifanya kazi. Aya ifuatayo nimeitunga mwenyewe kwa kukusanya makosa ninayokutana nayo kila mara katika taarifa za matamasha:

"Tamasha lilianza saa 2:00 na kuhudhuriwa na washairi arobaini na 3, wakiwemo wanawake nane. 3 kati yao walitoka mbali, k.m. mmoja alisafiri Km mia mbili na 10. AZAKI moja ilichangia sh. laki tatu na hamsini, na kila mshindi alipewa vitabu 2, daftari nne n.k. Mshindi wa 2 alighani beti kumi na mbili kuhusu kuishi na virusi vya VVU."

Mhariri mwenye haraka atazifanya tarakimu zote kuwa maneno, au maneno yote kuwa tarakimu, na kuiita kazi imekwisha. Kabla ya kugusa chochote mimi namwandikia mwandishi maswali manne. Saa 2:00 ya asubuhi au ya usiku? Watatu hao ni kati ya washairi wote au kati ya wanawake? Mchango ulikuwa 350,000 au 300,050? Na "n.k." imeficha zawadi gani, au haikuficha kitu? Hakuna hata moja kati ya maswali hayo linaloweza kujibiwa na kanuni. Ni mambo ya kweli yaliyofunikwa na maandishi, na ni aliyekuwapo tu anayeyajua.

Tuseme amejibu: asubuhi, kati ya wanawake, 350,000, hapakuwa na zawadi nyingine. Aya inakuwa hivi:

"Tamasha lilianza saa 2:00 asubuhi na kuhudhuriwa na washairi 43, wakiwemo wanawake 8. Watatu kati ya wanawake hao walitoka mbali; mmoja wao alisafiri kilomita 210. Asasi moja ya kiraia ilichangia shilingi 350,000, na kila mshindi alipewa vitabu viwili na daftari nne. Mshindi wa pili alighani beti 12 kuhusu kuishi na virusi vya ukimwi."

Angalia kwamba 43 na 8 zimevaa vazi moja kwa kuwa zote ni idadi ya watu katika sentensi moja, ilhali "watatu" imeandikwa kwa neno kwa sababu iko katika sentensi nyingine na haikufikia 11. "Viwili" na "nne" zimerudi kwenye maneno, na hapo ngeli inaonekana: vitabu viwili, daftari nne. Akronimu zimeondoka zote mbili, kwa kuwa kila moja ilitokea mara moja tu. "Kwa mfano" nayo imeondoka. Mtu mmoja aliyetajwa kwa umbali wake ni mfano tosha.

Ukianza kazi ndefu, chukua karatasi moja uandike maamuzi yako kabla ya ukurasa wa kwanza: mpaka wa maneno na tarakimu, alama ya desimali, saa ya Kiswahili au ya kimataifa, akronimu utakazotumia na ngeli ya kila moja. Kazi ikiisha, isome kwa sauti, na kila tarakimu na kila kifupisho ukifumbue kwa maneno kamili. Ukisita hata kidogo usijue utamke nini, hapo ndipo msomaji wako atakaposita, naye hatakuwa na wa kumuuliza.